Televisheni iliyokataa mtandao wa nyumbani: kisa cha ritifaa moja na mkwaju mmoja

Kisa hiki kilitokea mjini Tanga, katika nyumba ya bibi mmoja anayefuga ng'ombe wachache na kuuza maziwa kwa majirani. Watoto wake walimnunulia televisheni ya inchi 43 yenye mfumo wa Android, wakaitundika ukutani, na kwa siku tatu wakashindwa kuiunganisha na Wi-Fi ya nyumba hiyo hiyo ambamo simu zao zote zilikuwa zikipata intaneti bila shida. Nilipoitwa, televisheni ilikuwa imekwisha kuteremshwa na kurudishwa ndani ya boksi lake, kwa sababu hukumu ya familia ilikuwa kwamba ni mbovu. Nilimwamkia bibi, naye baada ya kuitikia aliniambia sentensi moja ambayo baadaye niliona ilibeba kisa kizima: "Mwanangu, simu za wageni zinaingia zenyewe, hii ya kununua kwa hela ndiyo haiingii."

Jina la mtandao na nenosiri ninavyovitaja hapa nimevibadilisha ili kuilinda nyumba ile, lakini alama zilizoleta matatizo nimeziacha katika nafasi zile zile zilimokuwa.

Ruta iliwekwa na mpwa wa familia, aliyefanya mipangilio yote kwa simu yake kupitia programu ya ruta, kisha akarudi chuoni. Mtandao aliuita kwa jina la utani la nyumba, akauficha ili majirani wasiuone kwenye orodha, akatengeneza msimbo wa QR na kuubandika ubavuni mwa friji. Tangu siku hiyo, kila aliyetaka kuingia alielekeza kamera ya simu kwenye friji na akaunganishwa. Televisheni haina kamera. Ilikuwa ndicho chombo cha kwanza katika nyumba ile ambacho mtu alilazimika kukiandikia jina na nenosiri kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kwa rimoti.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhusu ruta hata kidogo. Niliitoa televisheni kwenye boksi, nikawasha mtandao-hewa wa simu yangu na kuupa jina `jaribu` na nenosiri `12345678`, bila kuuficha, kisha nikauchagua kwenye orodha ya televisheni. Ikaunganishwa kwa muda wa sekunde chache na video ikacheza. Jaribio hili ni la dakika mbili tu, lakini linafunga mlango wa hoja nyingi: redio ya Wi-Fi ya televisheni ni nzima, programu yake inajua kufanya makubaliano ya usalama, na tarehe na saa zake hazina kosa la kuzuia intaneti. Kilichobaki ni tofauti kati ya mtandao wangu na wa friji, nao ulitofautiana na wangu kwa mambo mawili ya wazi, yaani kufichwa na alama zisizo za kawaida.

Binti wa bibi alikuwa na karatasi aliyoandika jina na nenosiri. Alivipata kwa kuusoma msimbo wa friji kwa programu ya kawaida ya kusomea misimbo, ambayo haikumuunganisha na mtandao bali ilimwonyesha maandishi yaliyomo ndani yake. Maandishi yenyewe yalikuwa hivi:

```
WIFI:T:WPA;S:Shamba la Ng’ombe;P:Maziwa\;Lita20$;H:true;;
```

Yeye alisoma sawasawa kwamba baada ya `S:` huja jina na baada ya `P:` huja nenosiri. Akaenda kwenye televisheni, akafungua mipangilio ya mtandao, akachagua `Add new network`, akaandika jina, akachagua aina ya usalama ya WPA2, akaandika nenosiri, na jibu likawa kwamba mtandao huo haupatikani. Alirudia mara nyingi. Wakati mwingine alijaribu kubadili aina ya usalama, jambo linaloongeza giza badala ya kulipunguza, kwa kuwa mtandao uliofichwa ukiandikwa kuwa hauna nenosiri wakati unalo, televisheni haitaufananisha na ule inaoutafuta hata kama jina limepatia.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye lile jibu lenyewe, kwa sababu watu wengi hulichukulia kama kukataliwa tu. Televisheni ikisema mtandao haukupatikana, maana yake haijafika kwenye nenosiri. Ikisema nenosiri si sahihi, maana yake jina limekubaliwa na mlango umefikiwa. Maneno hutofautiana toka chapa moja hadi nyingine, na nyingine husema tu kwamba imeshindwa kuunganisha, lakini muda husaidia: kutafuta mtandao usiojibu huchukua sekunde nyingi kabla ya kukata tamaa, na mara nyingi mtandao huo hauonekani kabisa kwenye hatua za kuunganisha. Kwa hiyo nilimwambia binti aweke kando nenosiri kwa muda, kwa sababu kosa tulilokuwa tunaliona lilikuwa kwenye jina.

Ruta ya kawaida hujitangaza hewani mara kumi hivi kila sekunde, na ndani ya kila tangazo huweka jina lake, ambalo kwenye skrini za mipangilio huandikwa SSID. Ukiuficha mtandao, matangazo hayo hayakomi. Ila nafasi ya jina huachwa tupu. Chombo kinachotaka kuingia ndicho hulazimika kuanza kwa kuita, "Shamba la Ng'ombe, upo?", na ruta hujibu pale tu jina lililoitwa linapofanana na lake baiti kwa baiti. Herufi kubwa si sawa na herufi ndogo, nafasi moja mwishoni mwa jina ni alama kamili inayohesabiwa, na hakuna kukadiria. Mtandao unaoonekana huondoa mzigo huu wote, kwa sababu unapouchagua kwenye orodha, televisheni hulichukua jina kama lilivyotoka hewani na wewe huliandiki.

Basi nikaliangalia tena jina katika karatasi, kisha katika maandishi ya msimbo niliyoyanakili kwenye simu yangu na kuyakuza. Ritifaa ya "Ng'ombe" ilikuwa imepinda. Binti alikuwa ameandika kwenye televisheni ritifaa iliyonyooka, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwepo kwenye kibodi ile, na kwa jicho la mtu anayesoma kwa umbali wa mita tatu hakuna tofauti. Kwa ruta, hizo ni alama mbili zisizo na undugu. Nilikuwa na kompyuta ndogo, nikaipa jina kama lilivyokuwa katika msimbo:

```
$ printf '%s' 'Shamba la Ng’ombe' | xxd
00000000: 5368 616d 6261 206c 6120 4e67 e280 996f
00000010: 6d62 65
```

Safu ya maandishi ambayo amri hii huonyesha upande wa kulia nimeiondoa. Kinachotakiwa ni zile baiti tatu `e2 80 99` baada ya `4e67`, ambazo ni herufi N na g. Hiyo ndiyo ritifaa iliyopinda inavyohifadhiwa. Ritifaa iliyonyooka ingekuwa baiti moja tu, `27`. Kwa hiyo jina tunalolihesabu kuwa na alama 17 ruta ililijua kuwa na baiti 19, huku televisheni ikiita jina la baiti 17. Ruta ilisikia mtu akiita jina la jirani na ikanyamaza, kama ilivyopaswa.

Ritifaa ile ilipindaje? Mpwa hakuitafuta. Simu nyingi zina mpangilio wa kurembesha alama za uandishi, unaogeuza ritifaa na alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda wakati unaandika. Kwenye iPhone, kwa mfano, mpangilio huo huitwa `Smart Punctuation` na upo kwenye mipangilio ya kibodi. Unafaa sana katika barua. Katika jina la mtandao ni mtego, na kwetu sisi ni mtego wa karibu zaidi kuliko kwa wengine, kwa kuwa Kiswahili kinaihitaji ritifaa hiyo katika ng'ombe, ng'ambo, ng'aa na mengineyo yasiyokwepeka. Kwa kawaida sehemu za kuandikia nenosiri huzuia urembeshaji huu, lakini sehemu ya jina ni maandishi ya kawaida, na hakuna kinachoizuia.

Kuna sababu nyingine inayofanya kosa la aina hii likae kwenye jina kuliko kwenye nenosiri. Kanuni za WPA2 zinalitaka nenosiri liwe na alama 8 hadi 63, zote zikiwa zile za kawaida za kibodi ya Kiingereza, kuanzia nafasi tupu hadi `~`. Ruta iliyotengenezwa vizuri hukataa ritifaa iliyopinda ndani ya nenosiri papo hapo. Jina halina sharti hilo. Linaweza kuwa na baiti yoyote ile mradi zisizidi 32, na hivyo ruta hupokea ritifaa iliyopinda, herufi za Kiarabu au kipicha cha ng'ombe bila kulalamika. Anayeweka mtandao haonywi, na anayekuja kuuandika baadaye ndiye hulipa.

Sasa nilitaka kuthibitisha, kwa kuwa dhana nzuri bado ni dhana. Sikuweza kuiandika ritifaa iliyopinda kwenye televisheni ile, hata nilipoukandamiza ufunguo wa ritifaa kwa muda. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kutumia simu ya binti na kuufichua mtandao kwa muda. Mara jina likatokea kwenye orodha ya televisheni. Nikalichagua, nikaandika nenosiri kutoka kwenye karatasi, na safari hii jibu likabadilika: nenosiri si sahihi.

Binti alivunjika moyo. Mimi nilifurahi, na nikamweleza kwa nini: tulikuwa tumetoka kwenye kosa la kwanza na kuingia la pili, na kosa la pili lilikuwa limefichwa na la kwanza muda wote. Kwa siku tatu lile nenosiri halikuwahi kupimwa hata mara moja.

Nenosiri la kwenye karatasi lilikuwa `Maziwa\;Lita20$`. Walihangaika kuutafuta ule mkwaju unaolalia nyuma, wakabonyeza `?123`, kisha wakaingia ukurasa wa pili wa alama, mpaka wakaupata, na wakauandika kwa usahihi kamili. Tatizo ni kwamba haukuwa sehemu ya nenosiri. Katika maandishi ya msimbo wa QR, nukta mkato hutumika kutenganisha sehemu moja na nyingine. Kwa hiyo nenosiri lenyewe likiwa na nukta mkato ndani yake, msimbo huitanguliza kwa mkwaju kumwambia msomaji kwamba hii si mwisho wa sehemu bali ni alama ya kawaida. Vivyo hivyo hufanyiwa mkato, nukta pacha, alama ya kunukuu na mkwaju wenyewe. Simu inapoisoma misimbo hiyo kwa ajili ya kuunganisha huuondoa mkwaju kimyakimya. Programu inayoonyesha maandishi tu huuacha, na binadamu huunakili. Nenosiri la kweli lilikuwa `Maziwa;Lita20$`, alama 14 na si 15, na nililihakikisha kwenye ukurasa wa ruta kabla ya kuliandika.

Huenda mtu akauliza kwa nini televisheni isiseme angalau kwamba alama ya saba ndiyo yenye kosa. Haiwezi, kwa sababu nenosiri halisafiri hewani. Televisheni huchukua nenosiri pamoja na jina la mtandao, hupitisha mchanganyiko huo kwenye hesabu inayorudiwa mara 4096, na hupata ufunguo wa biti 256. Ruta hufanya hesabu hiyo hiyo upande wake. Kisha televisheni hutuma uthibitisho uliotengenezwa kwa ufunguo ule, na ruta huulinganisha na wake. Alama moja ikizidi, ufunguo wote huwa mwingine, haufanani na wa kweli hata kidogo, na ruta haijui kama umekosea alama moja au umebuni nenosiri zima. Hunyamaza tu mpaka muda uishe. Fundi mwenye ruta inayotunza kumbukumbu nzuri ataona jambo hilo limeandikwa. Katika ruta zinazoendesha Wi-Fi kwa programu ya `hostapd`, mstari wenyewe huwa na maneno `AP-STA-POSSIBLE-PSK-MISMATCH`, yaani anayegonga huenda ana ufunguo usiolingana. Tazama pia kwamba jina linaingia ndani ya hesabu hiyo. Ndiyo maana kubadili jina la mtandao bila kugusa nenosiri hubadilisha ufunguo, na ndiyo maana jina haliwezi kuwa "karibu sawa".

Tukaliandika nenosiri bila mkwaju, na televisheni ikaunganishwa. Kwa wengi kisa kingeishia hapo. Lakini mtandao ulikuwa bado wazi, na bibi alikuwa amesisitiza kwamba mpwa aliuficha kwa sababu. Nikaurudisha mafichoni, televisheni ikaendelea kucheza, nikaichomoa kwenye umeme na kuiwasha tena. Haikuingia. Ilikaa kimya ikisema haina mtandao, ingawa jina na nenosiri vyote ilikuwa imevihifadhi kwa usahihi.

Hili huwachanganya hata mafundi. Televisheni hii ilikuwa imeuchagua mtandao kwenye orodha, hivyo ikauhifadhi kama mtandao unaojitangaza wenyewe. Ilipowashwa ilikaa kusikiliza tangazo lenye jina lile na haikuita, kwa sababu kuita hufanyiwa mitandao iliyoongezwa kwa mkono au kwa msimbo wenye `H:true`. Ruta nayo ilikuwa ikitangaza bila jina. Kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake aanze. Njia ya kuitoa hapo ingekuwa kuufuta mtandao kwenye televisheni na kuuongeza kwa mkono, lakini hapo tungerudi kwenye ritifaa isiyoandikika.

Nilikuwa nimeangalia pia masafa ambayo ruta inatumia, kwa sababu mtandao uliofichwa katika gigahazi 5 una balaa jingine: katika chaneli za 52 hadi 144, ambazo katika nchi nyingi hushirikiana na rada, chombo kama televisheni hakiruhusiwi kuita kabla hakijasikia, na mtandao usiojitaja unaweza usipatikane hata ukiandikwa bila kosa. Hapa ruta ilikuwa kwenye chaneli 6 na 36, hivyo hilo halikuhusika.

Tukampigia mpwa simu. Nilimweleza kwamba nina njia mbili: kubadili jina liwe la alama za kawaida na kuendelea kuuficha, au kubadili jina na kuacha kuuficha. Alisema aliuficha kwa usalama. Maoni yangu, niliyompa bila kuzungusha, ni kwamba kuficha jina hakulindi kitu. Chombo kinapoingia kwenye mtandao hulitaja jina hewani bila kificho, na yeyote anayesikiliza kwa programu ya bure hulipata wakati huo. Zaidi ya hayo, simu iliyohifadhi mtandao uliofichwa huenda ikaliita jina hilo kila inapoutafuta, iwe sokoni, kwenye daladala au ofisini, hivyo jina lililofichwa nyumbani hutangazwa mjini kote na simu za wenyewe. Kinacholinda ni nenosiri, nalo hulinda kwa urefu wake zaidi kuliko kwa ugumu wa alama zake. Alikubali, ingawa aliniuliza kwanza kama wageni wa jirani hawataanza kuomba nenosiri. Hilo lilikuwa suala la ujirani, si la ruta, na bibi alisema ataliamua mwenyewe.

Jina likawa `Shamba la Ngombe`, bila ritifaa. Najua si tahajia sahihi, na mkono wangu ulisita kuliandika, lakini kuinyoosha tu ritifaa kungemwacha mtu mwingine siku nyingine aandike ile iliyopinda kutoka kwenye simu yake. Nenosiri likawa `Maziwa-Lita20-Asubuhi`, alama 21, lenye kistari ambacho kipo kwenye ukurasa wa kwanza wa alama za kibodi ile na ambacho msimbo wa QR haukitangulizii mkwaju. Kabla ya kuhifadhi niliandika jina kwenye kompyuta, si kwenye simu, na nikahakikisha hakuna nafasi iliyoachwa mwishoni, maana kibodi za simu hupenda kuongeza nafasi baada ya neno linalopendekezwa.

Kila simu ya nyumba ile ililazimika kuunganishwa upya, na zile za zamani tuliziambia zisahau mtandao wa awali ili zisiendelee kuliita jina lisilokuwepo tena. Televisheni niliiunganisha kwa kuchagua kwenye orodha, nikaichomoa kwenye umeme mara mbili, na mara zote mbili ilirudi yenyewe. Msimbo wa friji niliubandua na kubandika mpya, na chini yake nikaandika jina na nenosiri kwa kalamu ya wino, nikivitoa kwenye ukurasa wa ruta na si kwenye maandishi ya msimbo. Kisha tukaitundika televisheni ukutani, na boksi bibi akalichukua kuwekea chupa za maziwa.